Shuka la Kitani Lililokaa Kashani

Mama yangu alikuwa mtu wa kuweka. Vikombe vizuri viliwekwa kabatini, zulia zuri likawekwa juu ya kabati, na sisi watoto tukanywea vikombe vyenye pengo huku tumekaa juu ya mkeka uliokwisha. Vyote vilikuwa vya mgeni. Mgeni mwenyewe sikumwona hata siku moja, kwa sababu kila aliyebisha hodi nyumbani kwetu Likoni aliambiwa karibu, akakalishwa mkekani pamoja nasi.

Baba alikuwa dobi katika hoteli moja ya ufukweni, upande wa kusini, na yeye alikuwa mtu wa kutumia. Sijui walipatanaje. Nadhani walipatana kwa kubishana, kwani nyumba yetu haikukaa kimya hata wakati wa kahawa.

Siku moja hoteli ikaamua kuachana na mashuka ya kitani. Wageni walikuwa wakilalamika kwamba yanakunjamana, na meneja akaleta ya mchanganyiko, yale yanayotoka kwenye maji yamenyooka utadhani hayajaguswa. Baba akapewa mawili ya kitani, mapya, yangali katika karatasi zake. Aliyaleta nyumbani ameyakumbatia, akayaweka kitandani mbele ya mama. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Nakumbuka nilipitisha mkono juu yake nikashangaa watu wakubwa wanapenda nini, kwa sababu kitambaa kilikuwa kigumu, kinakwaruza, na pale nilipokifinya pakabaki alama.

"Hili ntamuekea huyu mwanangu, siku ya harusi yake," mama akasema, na tayari alikuwa ameshalichukua moja.

"Kitani hakiwekwi, mke wangu. Kitani hufuliwa," baba akamjibu.

"Nawe fua lako basi. Nani kakukataza?"

Ndivyo mashuka yale pacha yalivyotengana. La baba likatandikwa usiku uleule, na la mama likaingia kashani pamoja na udi na asumini iliyokauka.

Kila Jumapili baba alifua shuka lake mwenyewe, uani, ingawa wiki nzima alikuwa amefua ya watu. Alilifua kwa fujo. Alilisugua, akalipiga juu ya jiwe la karo, pale pa kufulia, akalisokota hadi likalia. Mama alikuwa akipita na kusema, "Utalipasua hilo." Baba naye siku moja akatuita mimi na mdogo wangu wa kiume, akanikalisha katikati ya shuka lililorowa chapachapa, akashika ncha mbili, jirani yetu akashika mbili, wakanibembeza juu kama mtoto mchanga. Nilikuwa mkubwa, miguu inaning'inia nje, maji yananidondoka mgongoni. Halikutoa hata mlio wa uzi kukatika. Mdogo wangu naye akapiga kelele hadi akapewa zamu.

"Kuna vitambaa vikilowa hulegea, ukivivuta vyakuachia mkononi," baba akatwambia. "Reyoni ni hivyo. Kitani kikilowa ndiyo kwanza chapata nguvu. Kwa hivyo kitani kionee kikiwa majini. Kikiwa kikavu, kiheshimu."

Kukiheshimu maana yake ilikuwa kutokibana mikunjo. Nyuzi za kitani, alisema, zatoka katika shina la mmea, nazo ni kama watu wasiojua kuomba radhi: hazivutiki, hazirudi nyuma. Pamba ukiikunja hurudi kidogo. Kitani ukikikunja hubaki hivyo hivyo mpaka kilowe tena. Ukikikunja kikiwa kikavu, mahali palepale kila mara, nyuzi huchoka na kukatika moja moja. Kwa hivyo yeye alilianua shuka lake lingali na unyevu, akalipiga pasi hapo hapo, kisha akalikunja ovyoovyo, leo hivi, kesho vile, bila kuukandamiza mkunjo.

Mama alifanya kinyume cha yote hayo. Kila Idi alilitoa lake kashani, akalipunga upepo, akalifukiza udi, kisha akalikunja kwa mikunjo ileile na kuikandamiza kwa pasi ya makaa hadi kona zikawa kali. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Lilikaa mraba kama msahafu katika mfuko wake.

Na la baba likawa halipendezi kabisa. Likafifia, likapungua uzito, na likawa laini. Baba alieleza kuwa kitani kipya kina utomvu wa mmea ulioshikanisha nyuzi, na kila ukikifua hutoka kidogo, nyuzi zikaachana na kulegea. Mimi sikujali utomvu. Nilichojua ni kwamba nikiwa na homa nililazwa kwenye kitanda chao, na shuka lile lilikuwa baridi shavuni, likanywa jasho langu na kukauka kabla sijageuka. Mpaka leo nikiwa na homa hulitamani.

Niliolewa. Shuka la kasha likatandikwa kwa vigelegele, na usiku kucha likatusema kila tulipojigeuza. Asubuhi mume wangu alikuwa na mstari shavuni kuanzia sikioni hadi mdomoni. Akaniuliza kwa adabu kama kwetu watu hulalia karatasi ya sukari. Nilicheka hadi machozi, kisha nikalifua mara moja tu, nikalipiga pasi, nikalikunja kwa mikunjo ya mama na kulirudisha kashani, kasha lile lile nililokwenda nalo kwa mume. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Baba alipofariki, mama alilala juu ya shuka lake kwa muda, kisha siku moja akachukua mkasi akalikata vipande. Wajukuu walikuwa wanazaliwa, na alisema hakuna nepi ya dukani inayofanana na kitani kile. Wanangu wote walivalishwa shuka la babu yao. Vipande vikaisha hivyo, kama kinavyoisha kitu kilichotumika.

Miaka michache iliyopita mama akapooza upande mmoja. Nikamchukua kwangu Kiembeni, nikampa chumba chenye dirisha linalotazama uani kwenye karo. Hakuweza kujigeuza mwenyewe. Nesi aliyekuja kumtazama alituonyesha jinsi ya kumgeuza mara kwa mara, na akatuonya kuhusu shuka: lisiwe na mikunjo chini yake, lisikae na jasho, maana ngozi ya mgongo ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu. Tulimnunulia mashuka mazuri ya dukani. Hayakukunjamana, kweli, lakini alitokwa jasho juu yake na halikuwa na pa kwenda. Hakulala. Mchana na usiku alikuwa macho, anatazama dari.

"Nitandikieni shuka la babako," akaniambia.

"Mama, ulilikata nepi."

"Basi lile pacha lake."

Nikalitoa kashani. Harufu ya udi ikajaa chumba, nikalikamata ncha mbili na kulikung'uta lifunguke, na likapasuka. Lilichanika katikati, kwenye ule mkunjo mkubwa wa mama, kuanzia juu hadi karibu na chini, bila kelele. Mama aliona. Upande wake mmoja wa uso haukuweza kufanya lolote, lakini ule mwingine ulifanya kazi ya pande zote mbili. Nilitaka kufa kwa huruma.

Mdogo wangu alikuja kutoka Changamwe jioni ile. Alilitazama, akasema nusu moja inatosha kitanda chembamba, basi na tumalizie kuchana, tupinde ukingo, tupate mawili. Hilo lilikuwa rahisi. Gumu lilikuwa kwamba nusu zote mbili zilikuwa ngumu vilevile kama siku zilipotoka hotelini. Nilipomgusisha mama mkononi, aliviringisha kitambaa kwa vidole vyake vizima akasema, "Kali." Kwa ngozi ile, mkunjo mmoja mgumu ungemchubua.

Baba alichukua miaka kulilainisha lake. Sisi hatukuwa na miaka, na hilo hatukulisema, ila tulilijua sote watatu.

Tukaanza kulionea. Asubuhi baada ya kumwogesha mama nilichemsha maji, nikaloweka nusu moja kwa sabuni ya mche, nikasugua, nikapiga juu ya karo, nikasokota, nikasuuza, nikaanika. Jioni nikaanza tena na ile nyingine. Siku za mapumziko mdogo wangu alishika ncha moja nami nyingine, tukavutana kama watoto, na wajukuu wa mama wakitoka shule walilirukia lililorowa na kubembezwa, hata wakubwa, miguu ikining'inia nje. Majirani waliniuliza kama nimefungua biashara. Mikono yangu ilichubuka. Katika yote hayo hakukukatika uzi, na kila nilipolianika nililishika kwa adabu, nikalitundika bila kulikunja.

Mama alitutazama dirishani. "Sokota vyema wewe, wamuogopa nani?" alisema, yeye aliyemkataza baba maisha yake yote. Kila lilipokauka nilimpelekea. Aliviringisha kwa vidole.

"Bado."

Kesho yake, "Bado kidogo."

Nilimkasirikia, nakiri. Nilikuwa nimechoka, na mgongo wake ulikuwa unazidi kunitia hofu, na yeye anapima kitambaa kama mnunuzi wa sokoni. Lakini niliendelea kufua, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nami nilikuwa nikilihisi likibadilika: maji ya kusuuza yalikuwa yakitoka meupe zaidi, kitambaa kikaanza kuanguka mkononi badala ya kusimama.

Siku moja kabla ya adhuhuri nikampelekea nusu ya kwanza. Aliviringisha, akaviringisha tena, kisha akaliweka shavuni upande ule unaohisi. Alilia kidogo.

"Hini sasa ndiyo nguo," akasema. "Limekuwa la babako. Likunje vyema, uliweke kashani. Bintiyo ataolewa."

"Abee, mama," nikasema. Nikamgeuza upande, nikatandika, nikavuta kingo kuzibana chini ya godoro, nikalilaza kwa kiganja hadi likatulia, nikamrudisha juu yake. Alikuwa amefungua mdomo anigombeze. Akalala kabla hajapata neno, akalala hadi adhuhuri ikapita na alasiri ikaingia.

Tangu siku hiyo alilala. Wekundu wa mgongo ukafifia. Akiamka alilitazama na kunung'unika, "Ushaliharibu," nami namjibu, "Nimelitumia, mama." Nusu moja ilikuwa kitandani, nyingine kambani, mpaka alipofariki, alfajiri, akiwa amelala.

Baada ya kuzikwa wanawake walitaka kukitoa kitanda. Niliwaomba wangoje. Kitani hubaki vile kilivyokunjwa, na shuka lile lilikuwa limebaki naye: mahali pa bega, mahali pa nyonga, na makunyanzi madogo pale vidole vyake vizima vilipokuwa vikiliviringisha. Sikuligusa. Nilifunga mlango, na kwa siku kadhaa niliingia kulitazama tu. Nikafikiria kuliweka kashani hivyohivyo.

Kisha nikasikia tena maneno ya baba, kwamba kitani hakiwekwi, hufuliwa, nikalibeba hadi karoni. Nililitia majini polepole, ule upande wa mkono mwisho, na makunyanzi yakafunguka moja baada ya jingine mpaka kitambaa kikatanda sawa. Hapo ndipo nilipolia, nilivyokuwa sijalia mazikoni. Nikalifua, na usiku ule binti yangu akalilalia.