Mstari wa Vinywaji

Dada yangu ni karani wa shule, na kwa ajili ya kazi hiyo tangazo lolote la ukoo wetu linaandikwa na yeye. Sisi ni Wakristo wanywaji, sifichi. Yeye aliolewa na Mwislamu, na siku ya ndoa yake upande wetu wote ulinuna, mimi nikiwa mmojawapo. Aliyekwenda ni kaka yetu peke yake, fundi wa kuchomelea mageti. Kwa hiyo binti wa dada alipochumbiwa, mama mtu alitaka jambo moja tu: kaka awe pale, mbele.

Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi kiliwaka moto. Mwenyekiti, kaka mkubwa wa mume wa dada, alisema hataki hata tone. Kaka akacheka: "Harusi bila bia ni msiba wenye muziki."

Mtu akapendekeza chumba cha pembeni. Dada akauliza wahudumu watapita wapi na sinia zao, maana mlango wa ukumbi ni mmoja. Mwingine akasema bia zitoke wazee wakishaondoka. "Yaani tuwafukuze kwa adabu?" dada akamjibu. Bia zisizo na kilevi nazo akazikataa, kwa kuwa mzee aliye meza ya tatu hasomi lebo, anaona chupa. Alikwenda hadi jikoni kwa mpishi kuhakikisha nyama hailoweshwi kwenye mvinyo. Mwisho akamgeukia kaka.

"Kaka, kuna wazee ambao kwa imani yao hawawezi kukaa kwenye meza inayomiminwa pombe. Wewe bila bia unaweza kukaa. Ndiyo maana nakuomba wewe, siwaombi wao."

Kaka akajikuna kichwa. "Haya, mdogo wangu. Nitakunywa kesho yake, kwangu."

Ikabaki kuiandika. "Pombe ni marufuku" aliikata, akasema ni lugha ya kituo cha polisi. "Kwa kuheshimu imani ya upande wa baba" nayo akaikata, kwa sababu ingewatwika watu wa mumewe lawama ya kila koo kavu. Alihangaika nayo juma zima, hadi ikawa hivi: "Ili sote tukae pamoja kwa raha, tumewaandalia juisi, soda, chai na kahawa. Sherehe yetu haitakuwa na vileo, na tunaomba mgeni asije navyo. Karibuni sana." Kilichopo kilitangulia, kisichokuwepo kikafuata, na hakuna dini iliyotajwa. Akamwambia Mwenyekiti waziwazi: mstari huu uwe kwenye kila kadi, bila kubagua.

Mwenyekiti ndiye aliyezipeleka kiwandani kuchapwa. Kadi zikagawiwa, kila upande ukichukua bahasha zake, na dada akapumua.

Kisha binamu wa Mwenyekiti akaenda kwa kaka kutengenezewa geti. Akatoa kadi yake amwonyeshe ramani ya ukumbi, nyuma. Kaka akaigeuza mbele, akaisoma mara mbili. Haikuwa na mstari. Alimaliza geti, akavua miwani ya kuchomelea, akampigia dada simu.

"Yangu ina mstari wa vinywaji. Yake haina."

"Kaka, wallahi sikujua!"

"Najua hukujua. Ila nilidhani tunaombwa sote. Kumbe walevi ni sisi tu."

Dada alikwenda kwa Mwenyekiti kumuuliza. Yule mtu, bila aibu, akasema, "Watu wetu hawanywi, shemeji. Kuwaambia wasije na pombe si kuwatukana?"

"Na wangu nimewafanya nini?"

"Siku ya kupeleka kazi kiwandani hukuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo."

Usiku huohuo dada aliutuma mstari uleule kwa simu za pande zote mbili, neno kwa neno. Lakini aliyekwisha kutukanwa hapati nafuu kwa kutukanwa jirani yake pia. Alikwenda kwa kaka mara mbili. Alikaribishwa chai na kuulizwa hali ya watoto, na kuhusu harusi kaka hakusema neno.

Siku ya sherehe upande wetu tulikuja wachache, tena kwa kusuasua. Kiti cha kaka, mbele, hakikukaliwa. Binti aligeuka kukitazama mara nyingi hadi mumewe akamshika mkono. Vijana wakagonganisha glasi za juisi ya embe, mshereheshaji akasifu utulivu, na kweli ulikuwepo. Hata mimi niliuona, ukaniuma.

Mwenyekiti akaja na sahani yake, ameridhika hadi kwenye shavu. "Umeona, shemeji? Shughuli imekwenda vizuri, hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Dada alikuwa anapanga vikombe vya chai. Hakuinua macho.

"Wenye malalamiko hawakuja," akasema.