Mkeka wa Shemeji, Kidole Changu

Nianze na la aibu nilimalize, maana hata nikilificha mke wangu atalisimulia. Siku niliyopewa barua ya kodi ikinitaka nieleze pesa za kubeti, nilirudi nayo kwenye kibanda changu cha mchele, nikaisoma, nikacheka mpaka nikakaa juu ya gunia. Wala sikucheka kwa kutoelewa. Form two niliishia, lakini kusoma najua. Nilicheka kwa sababu pesa zile zilikuwa za shemeji yangu, na mimi nilikuwa nimemwonea wivu mpaka usingizi ukaota mbawa. Nikasema leo Mungu kajibu, tena kajibu kwa muhuri.

Kilichonipita ni kwamba barua ilikuwa na jina langu.

Shemeji ninayemsema ni mdogo wake mke wangu, fundi ujenzi. Zamani, wakati laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole, yeye vidole vyake viligoma. Saruji ilikuwa imevilamba, mashine inaangalia kidole inaona ukuta. Akaja kwangu, akasema, "Shemeji, nisaidie kidole." Nikampa kidole. Kidole si pesa, nilifikiri. Laini ikawa yangu kwenye mitambo na yake mfukoni, tukasahau.

Kwenye laini hiyo ndiyo akafungulia akaunti ya kubeti. Miaka mingi mikeka yake ya ubashiri ilikuwa inachanika, na mimi nilikuwa nampenda sana. Mtu ambaye mikeka yake inachanika ni shemeji mzuri. Unamkaribisha ugali wa ulezi na migebuka, unamshauri kuhusu maisha, anaitikia. Halafu jioni moja mkeka ukatiki wote. Timu ambazo hata kuzitamka hawezi zikamtajirisha.

Mke wangu alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

"Kaka yangu ana nyota," akaniambia.

"Mdogo wako," nikamsahihisha.

"Kuanzia leo ni kaka."

Hapo ndipo wivu ulipoanza, na ulianza kwa unyenyekevu, kama kikohozi. Nilipokwenda kwake mtaa wa Malangali na kukuta bati jipya la rangi nyekundu linang'aa, kikohozi kikawa pumu. Upepo wetu wa Ufipa unajulikana, unapita uwandani unang'oa chochote. Nilikuwa naamka asubuhi, nikisikia unavuma, nanyanyua shingo dirishani kutazama upande wa Malangali. Bati lipo. Kesho yake tena, lipo. Fundi alijua kupigilia misumari, laana yake.

Mwenyewe wala hakuwa na maringo, na hilo ndilo lililoniumiza. Mwenye maringo unamsema sokoni unapona. Huyu alimnunulia dada yake kitenge, akaniletea mimi koti la baridi. Lilinikaa vizuri kinoma. Nilikataa kulivaa wiki nzima, halafu baridi ikanishinda, nikalivaa huku nimenuna.

Sasa mnaelewa kwa nini barua ilinichekesha.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni uchunguzi. Siku ile aliyoshinda, shemeji alinitumia ile meseji ya pesa kuingia, kwa furaha yake. Nilikuwa bado ninayo, maana mwenye wivu hafuti kitu. Nikaifungua nikaisoma kama mtu anayetafuta chawa. Imepokelewa kiasi fulani kutoka kampuni ya michezo ya kubahatisha. Salio lako ni kiasi fulani. Neno kodi halimo! Nikaisoma kutoka mwisho kuja mwanzo, halimo. Kumbe hawajakata! Nikavaa koti lake lile lile, nikaenda ofisi ya kodi kumchongea.

Aliyenipokea alikuwa mama mmoja wa Mbeya, mpole, ana shali mabegani na chai mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta maelezo?"

"Nimeleta zaidi ya maelezo. Pesa si yangu, ni ya shemeji, laini anatumia yeye. Na nimechunguza mwenyewe, kodi haikukatwa hata senti. Nipo tayari kuwaonyesha anakokaa. Bati jekundu, hampotei."

Akaacha chai. "Umechunguzia wapi?"

"Kwenye meseji ya simu."

"Meseji inakuambia kilichoingia. Kilichokatwa kabla ya kuingia itakuambiaje? Wewe si unauza mchele wa Mtowisa? Gunia likilipiwa ushuru kule bondeni, likifika sokoni linaongea?"

"Linakaa kimya, mama."

"Nani anaongea?"

"Risiti."

"Haya. Kampuni ya kubeti inatakiwa ikate kodi ya ushindi yenyewe, kabla ya kumlipa mshindi, halafu iilete serikalini yenyewe. Kama imekata, ushindi huo umeshalipiwa, hatukati mara ya pili. Lakini lazima uonyeshe. Usipoonyesha, mimi mezani naona kitu kimoja tu: mfanyabiashara, laini ya jina lake, pesa imeingia, na kwenye mauzo aliyotuambia haimo. Itahesabiwa mauzo ya mchele, na utakadiriwa upya."

"Atakadiriwa nani?"

Akaigeuza barua taratibu kwenye meza mpaka ikanielekea, akaweka kidole juu kabisa, kwenye jina.

Niliona jasho linatoka, Sumbawanga, mwezi wa sita, asubuhi. Mavuno yalikuwa yameanza bondeni. Pesa niliyokuwa nayo ni ya kushuka Mtowisa kununua mpunga, ndiyo hiyo hiyo ya kula na ada za watoto. Ikienda kwenye kodi, kibanda nafunga. Yaani muda wote ule nilikuwa naomba kwa moyo wangu wote kodi iwe haijakatwa, na kumbe naomba kamba ya shingo yangu.

"Mama," nikasema, "yale niliyosema kwanza, uliandika?"

"Sikuandika."

"Mungu akubariki."

Nikaenda Malangali kwa miguu, nikimwomba Mungu kinyume cha nilichomwomba asubuhi. Sijui kule juu walinielewaje. Shemeji nilimkuta juu ya bati lake, anakagua misumari.

"Karibu shemeji! Panda uone mji ulivyo."

"Nauona kutoka chini unanitosha. Shuka, nimeletewa barua ya pesa zako."

Akashuka, akaisoma, akaanza kujikuna kichwa. Nilitegemea atasema hayamhusu, kwa kweli nilitamani aseme hivyo, nipate sababu ya kumchukia. Akasema, "Pole sana, shemeji. Kwa nini hukuja mapema? Mimi ningekwenda na wewe." Akanipa simu bila hata kuniuliza nataka kuangalia nini.

Akanionyesha pa kubonyeza. Kwanza kabisa ikatokea salamu ya kijani: Hongera, halafu jina langu. Langu kamili, na la ubatizo, na la baba. Kampuni ilikuwa inanipongeza mimi! Niliitazama ile salamu kwa uchungu ambao siwezi kuueleza. Kuna mtu mwenye jina langu alikuwa amefanikiwa sana maishani, na mimi sikualikwa.

"Bonyeza historia," shemeji akasema. "Sasa fungua mkeka wenyewe."

Nikaufungua. Kulikuwa na mstari wa ushindi wote, chini yake mstari wa kodi ya ushindi, chini yake kilicholipwa. Nikalinganisha kilicholipwa na ile meseji yangu ya wivu: sawasawa. Walikuwa wamekata siku ile ile, kabla hata mke wangu hajapiga kigelegele.

Nikamshukuru Mungu. Na hapo hapo, nisiseme uongo, nikaona mstari wa kwanza, ule wa kabla ya kukatwa. Kumbe alishinda nyingi kuliko nilivyojua! Wivu ukaamka upya, ukanyoosha mikono.

"Walikukata sana," nikamwambia, nikitafuta faraja.

"Wakate tu, shemeji. Iliyobaki si imeezeka?"

Tukapiga picha za mkeka. Kesho yake tukarudi wawili kwa yule mama, akasema picha ni mwanzo mzuri, lakini tuiombe kampuni itupe taarifa ya akaunti yenye mkeka huo na maandishi kwamba kodi ilikatwa, na taarifa ya miamala ya laini pia, ili pesa ionekane ilikotoka mpaka ilikofika. Kampuni ikamtaka mwenye akaunti aongee mwenyewe. Mwenye akaunti ni mimi. Nikapiga huduma kwa wateja, dada wa upande wa pili akaniambia, "Hongera kwa ushindi wako," nikamjibu, "Asante, bado sijauamini."

Karatasi zikaja kwa barua pepe, tukazichapisha steshenari. Jibu niliandika mwenyewe. La kwanza shemeji alilisoma akasema halifai, maana nilikuwa nimeandika kwamba katika ushindi huo sikunywa hata soda. "Na koti?" akauliza. Nikaangalia mikono ya koti, nikaandika upya. Nikasema kweli tupu: laini ni ya jina langu, anayeitumia ni shemeji yangu, pesa ni za mchezo na si mauzo ya mchele, kodi ya ushindi ilikatwa na kampuni, ushahidi umeambatanishwa. Shemeji naye akaandika ya kwake na kusaini. Tukapeleka kabla siku walizotupa hazijaisha, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Majibu yalikuja: maelezo yamekubaliwa, ushindi haudaiwi tena, makadirio yangu ya mchele yabaki yalivyo. Mama akaongeza kwa mdomo, "Na hiyo laini irudisheni kwa mwenyewe. Kidole hakiazimishwi."

Tukaenda duka la simu. Shemeji akaweka kidole kwenye mashine, nikategemea kigome kama zamani. Kikasoma mara moja. Tangu ashinde, saruji anachanganyiwa na vibarua, yeye anasimamia. Vidole vimekuwa laini kama vya padri. Nilivitazama njia nzima ya kurudi.

Mpunga wa Mtowisa niliuwahi. Siku niliposhusha magunia, nilimsimulia yote rafiki yangu anayeuza maharage kibanda cha pili, nikidhani atanihurumia. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta.

"Mshikaji," akasema, "nimeona watu wanaoonea wivu jirani, nimeona wanaoonea wivu marehemu kwa jeneza zuri. Wewe umeenda serikalini kujichongea mwenyewe, umevaa koti la unayemchongea. Haya, pima mchele, mteja kasimama."