Marahaba Iliyokwama Kooni

Mama mkwe wangu mtarajiwa alinikatalia shikamoo. Naanza na hilo kwa sababu hadi leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Tulipanda mlimani kutoka Same, mimi na mchumba wangu, nikatambulishwe kwa wazazi wake. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, yeye thelathini na mmoja. Alikuwa amenifundisha kila kitu: nivue viatu mlangoni, nisikae mpaka nionyeshwe kiti, nipokee kikombe kwa mikono miwili, wakiniuliza nijibu lakini nisiwahoji. Nilibeba sukari na kitenge. Kwetu Makanya mama yangu alikuwa anasubiri simu, maana wazee wale wakiniridhia ndipo mshenga angeshuka kwetu. Wasiponiridhia, basi, nirudi kwetu kwenye machimbo, na vumbi langu la jasi.

Baba yake aliitikia vizuri. Nikamgeukia mama, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

Akanitazama juu mpaka chini. "Aah, usiniamkie bwana. Mimi na wewe si marika tu? Karibu kiti, dada."

Dada! Mwanamke ananizidi miaka kumi na mmoja! Nilimwangalia mchumba wangu. Alikuwa anakagua kucha zake. Hapo nikajua: umri wangu aliwaambia juzi, kwa simu, na mimi hakuniambia kwamba mama yake alikasirika. Mambo yote amenifundisha, hilo amelifunika.

Nikakaa. Kitenge changu kikawekwa juu ya kabati bila kufunguliwa. Nikaomba kusaidia jikoni. Nikaambiwa mgeni atulie. Nyumba ikikupenda inakupa sufuria uoshe, hilo kila mwanamke analijua.

Makande yakaja, na maswali yakaja na makande. "Darasa la saba ulimaliza mwaka gani, dada? Basi utakuwa unamjua mdogo wangu, mlisoma naye." Alikuwa anahesabu miaka yangu mbele ya mumewe. Nilitamani kusimama nimwambie la kumwambia. Badala yake nikasema, "Miaka mingi, mama, hata walimu nimewasahau. Makande haya mmeyaunga na nini? Yamekolea." Kila aliponiita dada, nikajibu mama, kwa sauti ileile. Niliyamaliza yote na nikaomba nyongeza.

Baba aliona. Akaanza kuniambia habari za tangawizi yake na ndiva, lile bwawa la wazee linalogawa maji ya kumwagilia kwa zamu.

"Kumbe mnayamalizia huku huku," nikasema. "Ndiyo maana sisi wa chini tunakunywa vumbi, baba."

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Mama hakucheka.

Jioni nikamtumia mama yangu ujumbe: amekataa shikamoo yangu. Akajibu maneno mawili: hasira hasara. Mchumba wangu naye akaninong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite." Nikamwambia kombe ulilifunika wewe, mwanaharamu kakaa sebuleni.

Asubuhi niliamka kabla yao nikafagia uwanja, bila kuombwa. Mama alikuwa anamsindikiza jirani yao, bibi mmoja aliyeleta maziwa. Bibi nikamwamkia, akaitikia. Kisha nikashika ufagio kwa mikono miwili, nikainama kwa adabu zote nilizofundishwa, nikamwambia mama mwenye nyumba:

"Umeamkaje, dada?"

Bibi akashtuka. "Dada? Wewe, huyu si mkweo? Siku hizi mkwe anakuita dada, nawe umenyamaza?"

Mama akanigeukia. Aseme nini? Kwamba yeye ndiye aliyenikataza? Alinikazia macho, nami sikuyaepuka. Nilijua nimeshacheza karata zote nilizokuwa nazo.

"Ananitania tu," akasema hatimaye. "Wewe, hebu niamkie vizuri."

"Shikamoo mama."

Bibi alikuwa anamtazama, kopo lake tupu la maziwa mkononi.

"Marahaba," akasema. Halafu, bila kunitazama: "Ukimaliza uwanja, njoo uoshe sufuria."

Njiani kushuka, mchumba wangu alitabasamu. "Si unaona? Mama hana shida." Nilikuwa na mengi ya kumjibu, lakini hayo yangengoja. Tulipofika Same nilimpigia simu mama yangu.

"Wamesemaje?" akauliza. "Mshenga anakuja?"

"Hawajasema kitu," nikamwambia, na hapo ndipo machozi yaliponitoka. "Lakini ameitikia, mama. Ameitikia."