Shefu Aliyetaka Jina la Ugonjwa

Shefu wetu wa shantiye, yaani mkubwa wa eneo la ujenzi, alikuwa mtu wa kusali sana, na ndiyo maana nilimwogopa. Mtu asiyesali akitaka kujua mambo yako anakuuliza, unamkatalia, mnaachana. Huyu alikuja na Mungu mkononi kama kibali cha polisi.

Mimi nilikuwa muuguzi wa wafanyakazi katika kampuni moja iliyotengeneza barabara na madaraja madogo kati ya Masisi na Walikale. Chumba changu kilikuwa na kitanda kimoja, kabati lenye kufuli na dirisha lililotazama depo ya sima, yaani ghala la saruji. Depo hiyo ilikuwa mikononi mwa mama mmoja aliyetoka Mpofi. Alipokea mifuko, akaihesabu, akaiandika, na mara nyingi aliibeba mwenyewe, maana wapakiaji wetu walikuwa hodari wa kutafuta kivuli. Kila wiki alipanda pikipiki mpaka Burungu kukagua vyombo vya kazi vilivyokuwa huko, na alirudi na tope mpaka kiunoni.

Akaugua. Daktari wa Goma, anayepima wafanyakazi wa kampuni, akampima, kisha akanitumia bahasha iliyofungwa, jina langu juu yake. Ndani mlikuwa na kurasa mbili: ugonjwa, vipimo, dawa, na historia ya mwili wake tangu usichana. Mwishoni daktari aliandika kwamba anafaa kuendelea na kazi, ila kwa masharti, akayataja masharti yenyewe. Ugonjwa ulikuwa gani? Na wewe unayesoma, usinyooshe shingo. Kama sikumwambia shefu, wewe ni nani hata nikuambie?

Kazi yangu hapo haikuwa ngumu. Rapoti inabaki kwangu, kabatini, na ufunguo unabaki mfukoni mwangu. Mkubwa wa kazi anapata karatasi fupi: mtu huyu anaweza nini, hawezi nini, kwa muda gani. Basi. Hayo ndiyo anayohitaji ili kupanga kazi, na mengine yote ni ya mgonjwa.

Lakini hata sijamaliza kusoma, shefu alikuwa mlangoni, kipande cha jibini mkononi, anatafuna.

"Mama Muganga, barua ya Goma imefika? Yule mama iko na ugonjwa gani?"

"Kesho nitakuletea karatasi yako, Papa Shefu."

"Karatasi ni ya kazi. Mimi nataka jina ya ugonjwa. Siku ya kwanza ya juma, ku maombi ya asubuhi, tutamuombea. Hatuwezi kuomba ovyo ovyo, lazima tutaje kitu."

"Kwani Mungu hajui?"

"Mungu anajua. Lakini ndugu nao wanapaswa kujua, ili waombe na nguvu."

Aka! Nguvu gani? Nilikumbuka fundi wetu mmoja wa mawe, ambaye shefu huyu huyu alimwombea mbele ya kila mtu, akautaja ugonjwa wake mara tatu, kwa sauti ya mahubiri. Wote waliitika amina kwa machozi. Siku hiyo hiyo wakati wa chakula kikombe cha fundi kiliwekwa peke yake pembeni, na hakuna aliyetaka kukaa naye benchi moja. Hakumaliza mwezi. Alifunga vitu vyake, akarudi kwao mlimani kulima maharage, na mimi nilikuwa nimeketi pale nikiitika amina kama wengine. Mpaka leo najichukia kwa amina ile.

Kwa hiyo safari hii niliapa: mama wa depo hatakula peke yake. Nikaandika karatasi yangu, nikaisoma mara mbili, nikajipongeza kwa akili. Hakuna jina la ugonjwa, hakuna dawa, hakuna kipimo. Kabla ya kuipeleka nikamwita mwenyewe aisome, kwa sababu ni mambo yake. Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Kidole kikasimama.

"Mama, na hii?"

Nilikuwa nimeandika kwamba siku moja kila mwezi atakwenda Goma hospitalini, kisha, mimi mwerevu, nikataja na idara atakayokwenda.

"Ni pahali tu pa kukuonea," nikasema.

"Mama, watu wote wa hapa wanajua ni wagonjwa gani wanaingia ku ule mulango."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimefunga mlango wa mbele kwa kufuli, nikaacha wa nyuma wazi. Nikaichana karatasi ile mbele yake, nikaandika nyingine, naye akaikubali. Ilisema hivi:

"Anafaa kazi, kwa masharti haya, kwa miezi mitatu. Asiinue wala kubeba kitu kinachozidi kilo tano. Asisafiri kwa pikipiki. Aruhusiwe kukaa anapohitaji. Siku moja kila mwezi hatakuwa kazini. Nitakujulisha tarehe mapema. Anaweza kupokea vitu, kuhesabu, kuandika na kusimamia wapakiaji. Daktari atamwona tena miezi mitatu ikiisha."

Shefu aliisoma, akaigeuza, akatazama nyuma, kama mtu aliyenunua mkate akakuta nusu.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

"Mimi njo mukubwa wa hii shantiye!"

"Njo maana nimekuandikia ya shantiye. Ya mwili wake si shantiye. Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Akavimba. Akasema kama hawezi kujua ugonjwa, basi mama arudi kwao Mpofi mpaka apone kabisa, maana nani ajuaye kama hataambukiza watu. Nikamwambia kwamba kama kungekuwa na hatari kwa wengine kazini, daktari angeweka sharti lake, nami ningeliandika. Hakuna sharti la namna hiyo, na daktari amesema anafaa kazi. Kama ana swali juu ya masharti, amwandikie daktari, lakini jina la ugonjwa hata daktari hatampa. Mama yule alikuwa na watoto wanne shuleni na mume aliyelala kaburini. Kurudi Mpofi bila kazi hakukuwa kupumzika. Shefu alikunja karatasi, akaitia katika Biblia, akasema tutaonana siku ya kwanza.

Siku ya kwanza asubuhi tulikusanyika chini ya mabati, mvua ikipiga. Shefu alifungua Biblia, akatoa karatasi yangu, akaipunga hewani.

"Ndugu, leo tunamuombea mama wa depo. Ugonjwa wake unafichwa. Mimi mwenyewe nimefichwa. Lakini shetani anapenda mambo ya kufichwa!"

Mungu wangu, mtu mzima na ndevu zake! Vichwa vyote vikamgeukia mama. Fundi mmoja aliyekaa karibu naye akasogea kidogo, kidogo tu, lakini nilimwona. Nikasimama nipige kelele. Mama akaniwahi. Alisimama taratibu, akashika ukingo wa benchi.

"Shefu, aksanti kwa maombi. Lakini hiyo karatasi haisemi muombee ugonjwa yangu. Soma mustari ya pili, ku sauti. Inasema nisibebe. Kama munanipenda, mutafute watu wa kubeba sima. Ile ingine, mimi na Mungu tulishaongea."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wote, hata yule fundi, ambaye alirudi mahali pake benchini. Shefu akausoma mstari wa pili. Halafu, mbele yetu sote, alitaja wapakiaji wawili kwa majina, wa kubeba kila mfuko wa depo kwa miezi mitatu. Mama akasema aksanti, akakaa.