Aliomba tumwite Ngailo. Akaandikwa hayupo siku sita, na yupo kazini

Wakuu, kamweneni.

Nina hasira, kwa hiyo nisameheni nikikanyaga mtu. Lakini nilichoandika hapa nimekihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kreti. Hakuna chumvi. Mwenye kosa la kwanza ni mimi, mtaona.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kupaki parachichi hapa Makambako. Kazi yangu ni karani wa kreti. Kila anayechambua matunda, naandika jina lake, namba yake ya kazi na kreti alizojaza. Daftari langu halina urafiki.

Asubuhi tunapanga mstari getini, supavaiza anasoma majina. Kwetu huku mtu anaitwa kwa jina la ukoo, mnajua. Na huyu dada ninayemzungumzia anaitwa Neema. Neema tunao watatu, mmoja anatoka Kitandililo, mwingine sijui wapi. Ukiita Neema wanageuka wote. Kwa hiyo ukoo haukwepeki.

Jumatatu moja huyu dada akatujia mimi na supavaiza kabla ya mstari. Akasema kwa heshima kabisa:

"Kaka zangu, naomba kitu kimoja. Kwenye makaratasi acheni kama ilivyo, mkataba, NSSF, benki, sigusi. Ila mdomoni niiteni Ngailo."

Basi. Hakuomba likizo, hakuomba cheo. Aliomba neno moja.

Supavaiza akasema tutaona. Mimi nikasema sawa dada, na toka siku ile kwenye daftari nikaandika Ngailo, namba 47.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu.

Mchana nilimuuliza sababu, akanieleza kwa siri. Ngailo ni babu yake, baba wa mama yake, ndiye aliyemlea. Ukoo ulio kwenye cheti chake ni wa upande wa baba. Siku wanamzika mama yake kule Kichiwa, upande ule ulisimama mbele ya waombolezaji ukasema huyu binti hatumtambui. Mbele ya jeneza, wakuu. Mbele ya mchungaji.

Akaniambia, "Sitaki liende mbali, kaka."

Lilikwenda mita kumi na tano. Kesho yake supavaiza aliniita kwa mama ntilie, akaninunulia chai na chapati mbili, akauliza, "Huyu naye na Ngailo yake, ana nini?" Nikamwambia chote. Mimi ninayejisifu sokoni kwamba hakuna wa kunipiga bei! Niliuza siri ya mtu kwa chapati mbili, na moja ilikuwa ya jana.

Siku iliyofuata mstarini, supavaiza akalisoma lile jina la kwenye karatasi. Taratibu, kwa kulivuta. Dada akanyamaza.

Akarudia. "Au baba yako nimtumie salamu?"

Watu wawili watatu wakacheka. Dada akaniangalia mimi. Hakumwangalia supavaiza hata kidogo.

"Haitiki? Basi hayupo," jamaa akasema, akaandika H.

Mtu amesimama hatua tatu mbele yake, kavaa aproni na kofia ya nywele, halafu hayupo! Akaingia ndani, akachambua kreti zake, mimi nikaandika. Ikawa hivyo siku sita za kazi mfululizo. Asubuhi H, jioni kreti.

Kwa wasiojua: kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa la kufukuzisha kazi. Jamaa alikuwa anahesabu pia. Siku ya sita ikatoka barua: kikao cha nidhamu ofisi kuu, Njombe mjini, una siku mbili za kujiandaa, unaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzako.

Ana watoto wawili wanasoma Mahongole. Hana mtu nyuma yake, babu alishafariki. Hiyo kazi ndiyo ukuta na bati.

Jioni akaja kwenye meza yangu. Nikadhani amekuja kunitukana, na nilikuwa nimeshajiandaa kukubali.

"Kesho kutwa twende wote Njombe."

Nikasema, "Dada, mimi tena?"

"Sikuchagui wewe. Nachagua daftari. Wewe ni wa kulibeba tu."

Tukaenda. Njombe baridi kama kawaida yake, ukungu mpaka kwenye ngazi za ofisi. Ndani kulikuwa na mama wa HR, meneja mmoja, na supavaiza na orodha yake ya mahudhurio kifuani kama cheti cha ndoa.

Mama wa HR akasoma zile H sita. Nikafungua daftari. Akapitisha kidole, akakunja uso.

"Huyu Ngailo ni nani? Kwenye mfumo sina mfanyakazi anaitwa Ngailo."

Supavaiza akatabasamu. Wakuu, lile tabasamu ningelipa nauli kulifuta.

Nikamwambia, "Mama, acha jina. Soma namba."

Akaandika 47 kwenye kompyuta. Likatoka jina la kwenye karatasi, na picha ya dada. Akalinganisha tarehe, zote sita, H huku, kreti kule.

Akamgeukia dada. "Mwanangu, lakini si ungeitika tu yaishe?"

"Mama, kusaini jina lao nasaini, maana cheti ndivyo kinavyosema. Lakini waliniambia mbele ya maiti ya mama yangu kwamba mimi si wao. Nikiitika kila asubuhi nakuwa najipeleka kwao kila asubuhi. Wananikataa tena."

Mama wa HR akavua miwani. Akamuuliza supavaiza, "Ulijua hili?"

"Aliniambia huyu karani."

Nikasema ndiyo, nilimwambia. Kwa chai. Sikuwa na bei nyingine ya kutaja.

Uamuzi ukawa hivi. Mkataba, mshahara na NSSF vinabaki na jina la kisheria. Akitaka kulibadili kabisa ni hiari yake: atengeneze hati ya kubadili jina kwa wakili, isajiliwe, ndipo NIDA, benki na wengine wafuate. Lakini mstari wa asubuhi, kitambulisho cha shingoni, ratiba ya zamu, group la WhatsApp, hivyo havihitaji wakili. Inaongezwa kolamu moja, "jina la kuitwa", namba inabaki ileile. Dakika mbili. Nilimhesabia, hazikufika mbili!

H sita zikafutwa. Supavaiza akapewa onyo la maandishi.

Mnadhani alijifunza? Kesho yake kasimama getini na orodha mpya, akaita, "Arobaini na saba!"

Dada kimya.

"Arobaini na saba!"

Mama mmoja mtu mzima wa kuosha matunda akasema kutoka nyuma, "Mwanangu, hizo kreti au watu? Soma kolamu ya pili, tunapigwa baridi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Jamaa akasogeza kidole kolamu ya pili.

"Ngailo."

"Nipo."

Akaweka tiki, na mkono wake haukukatika.

Nilichojifunza: mtu akikwambia aitwe nani, hakuombi maelezo na wewe huna haki ya kuyadai. Akikupa sababu, hiyo ni amana. Na yule anayesema "mimi nafuata karatasi tu", mkagueni vizuri, mara nyingi karatasi haijamtuma.

Mimi na Ngailo tunasalimiana. Kamwene, kamwene, basi. Siri hajanipa nyingine. Ni haki yake.

Majina mengine nimeyabadili. Ngailo ameniruhusu, amesema andika hivyohivyo. Ila kuna mtu lazima ataniuliza inbox, lile la kwenye karatasi ni lipi. Usijisumbue mkuu. Hata uje na chapati za moto.

Kwenu maofisini linafanyikaje hili? Semeni, nasoma.