Safu Tupu ya Jiografia

Mimi si mtu wa kuona haya kudai. Waulize walimu niliofanya nao kazi Korogwe miaka ile nilipokuwa mwalimu wa taaluma, kazi ya kuwakimbiza watu wazima: lete maandalio, lete mtihani, lete alama. Kijana wa Hisabati nilimwuliza mbele ya wenzake wakati wa chai kama alama zake bado anazipalilia, akacheka, akazileta jioni. Shoga yangu wa Kiswahili nilimfichia kikombe chake mpaka akazileta. Mdomo ninao, na nilikuwa najivunia.

Kwa mwalimu wa Jiografia, mdomo ule ulikufa ganzi.

Huyu mzee alinifundisha mimi mwenyewe Handeni, kidato cha pili. Ndiye aliyenirudishia daftari mara nne kwa sababu mto kwenye ramani yangu ulikuwa unapanda mlima. Miaka ikapita, nikawa mwalimu, nikapangiwa Korogwe, nikamkuta pale, mvi zimejaa, amebakiza muda mfupi astaafu. Wengine walimwita mzee. Mimi nilimwita mwalimu, naye aliniita mwanangu. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba amechelewa?

Na alikuwa amechelewa. Zilitakiwa alama za maendeleo za watoto wa kidato cha nne, zile walizopata walipokuwa cha tatu, ambazo huingia kwenye matokeo yao ya mwisho. Mwisho wa kuzipeleka wilayani ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Mkuu wetu wa shule hakuwa mtu wa kusaini fomu yenye pengo, na wilayani hawakuwa watu wa kupokea nusu nusu. Masomo mengine yote yalikuwa yamejaa. Safu ya Jiografia ilikuwa nyeupe kutoka jina la kwanza mpaka la mwisho.

Jumatatu nikamfuata ofisini kwake. Njiani nilikuwa nimeipanga sentensi yangu vizuri kabisa. Nikaingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Handeni? Mama hajambo?"

Nikamweleza habari za mama, mgongo wake, na mahindi yaliyokauka mwaka huo. Fomu nilikuwa nimeishika mbele ya kifua kama muuza sambusa na sinia lake, nikiomba Mungu aione, aelewe, anisaidie nisiseme. Aliiona. Lakini mwalimu kushika karatasi ni jambo gani la ajabu? Nikaaga, nikatoka.

Jumatano nikamfuata nyumbani, kwenye nyumba za walimu, alikokuwa akiishi peke yake kwa sababu mkewe alibaki Kwashemshi na shamba. Nikamkuta anamenya ndizi, goti moja amelinyoosha juu ya kigoda kwa maumivu. Nikachukua kisu, nikamsaidia. Nikatupa neno kwa mbali: "Kazi zimekuwa nyingi siku hizi, mwalimu."

"Nyingi kweli," akasema. "Usijichoshe, mwanangu. Pumzika."

Alhamisi nikamkuta kwenye korido. Nikasema, "Lo, mwalimu, kesho Ijumaa tena! Siku zinakwenda mbio."

"Tumshukuru Mungu tunafika," akajibu, akaendelea kuchechemea kuelekea darasani.

Hayo ndiyo niliyoyaita kumkumbusha. Usiku nilijisifu kwamba nina adabu, halafu nikamkasirikia. Kwani haelewi? Mtu mzima mwenzangu, mwalimu, hajui kwa nini napita kila mara? Hasira ile niliilea vizuri mpaka asubuhi.

Ijumaa tukawa na kikao kifupi cha walimu kabla ya vipindi. Mkuu wa shule akashika ile fomu, akaigeuza, akaniangalia. "Mwalimu wa taaluma, mbona haijakamilika?"

Ningeweza kusema, naomba nusu saa, mkuu. Neno dogo tu. Badala yake nikasikia sauti yangu ile ya kujivunia imerudi, kavu, mbele ya watu wote: "Imebaki Jiografia, mkuu. Mwalimu nimemfuata mara tatu wiki hii."

Na ni kweli nilimfuata mara tatu. Uongo gani ule, uliotengenezwa kwa ukweli mtupu!

Watu wakainamia vikombe vyao. Yule mzee akasimama, kwa shida, ameshika mgongo wa kiti. "Mkuu, naomba radhi," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwalimu wa taaluma, naomba radhi. Alama zipo. Sikujua kama zinatakiwa leo."

Hakuniita mwanangu.

Kijana wa Hisabati, bila nia mbaya, akasema, "Tarehe ilitumwa kwenye grupu la walimu, mzee, tangu wiki iliyopita."

Mzee akatoa mfukoni simu yake, kitochi cha vibonyezo kisichoingia mtandaoni, akaitazama kana kwamba huenda tangazo limo humo. Nikatamani ardhi ipasuke. Hakuwa kwenye grupu, na mimi nilijua hayumo. Nilipokabidhiwa kazi ile, aliyenitangulia aliniambia wazi: yule mzee mpelekee fomu mkononi, atajaza mwenyewe kwa kalamu yake, ndivyo walivyofanya zamani zote. Nilimpelekea fomu mkononi kweli. Nikarudi nayo.

Akafungua mkoba, akatoa daftari lake kubwa, mistari imepigwa kwa rula, kila mtoto na alama yake, zimekamilika siku nyingi. Akakaa, akajaza safu nzima kwa mwandiko uleule uliokuwa ukinisahihisha. Haikuchukua hata robo saa. Kabla ya saa sita fomu ilikuwa wilayani, na mkuu wa shule akanipongeza kwa ufuatiliaji. Nikasema asante. Nilisema asante, mimi!

Jumamosi nikaenda sokoni Korogwe. Mama mmoja mwenye ndizi na maparachichi alikuwa ananiangalia sana. Nilipomwamkia akaniuliza kama mimi ndiye yule mwalimu wa kutoka Handeni. Kumbe ndiye mkewe, ameteremka kutoka Kwashemshi kuuza na kumwona mzee.

"Amenisimulia habari zako kwenye simu wiki nzima," akasema. "Mara aniambie, leo amekuja kunisalimia. Mara, leo amekuja nyumbani, amenimenyea ndizi. Anasema, mwanafunzi wangu hajanisahau. Mwanangu, hujui ulivyonituliza moyo, maana lile goti linamsumbua na mimi niko mbali."

Akanijazia maparachichi kwenye mfuko, akakataa hela yangu. Nikamtazama usoni nitafute kama anajua ya kikaoni. Hajui. Mzee hakumwambia.

Nikaubeba mfuko ule hadi nyumbani, nikashindwa kula hata moja. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuiweka. Siku zote tatu mzee alikuwa anapokea salamu. Mimi nilikuwa nadai, kimoyomoyo, kisha nikamshitaki kwa kutonisikia.

Jumatatu nikaenda kumwomba msamaha. Nikasema yote safari hii, bila kuzunguka: kwamba sikumwambia, kwamba kosa ni langu, kwamba nitalisema hivyo mbele ya mkuu. Akaniinulia mkono nisiendelee. "Kazi ni kazi, mwalimu," akasema. "Yameisha." Kwa mkuu nilikwenda, nikasema. Naye akaniambia yameisha. Kila mtu yalikuwa yamemwishia.

Wiki iliyofuata nilipita ofisini kwake, mikono mitupu. Sikuwa na fomu wala tarehe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akaweka kalamu chini, akasogeza daftari lake karibu. "Kuna kinachotakiwa?"

"Hapana, mwalimu. Nimekuja kukusalimia tu."

Akaitikia kwa kichwa, kwa upole kabisa, akabaki ananitazama, mkono juu ya daftari, akisubiri niseme ninachotaka.