Vidonge vya Mama Vilivyokwisha Mapema

Likizo ile nilirudi kutoka Masasi, nikiwa kidato cha pili, nikakuta mama amepewa vidonge vya presha. Walimpima siku alipompeleka kliniki mdogo wangu mwenye homa. Bwana mganga alikuwa anawapima watu wazima wote waliokuja. Mama alicheka akinihadithia.

"Eti mimi mgonjwa. Mgonjwa gani anashuka bondeni alfajiri, akapanda na ndoo kichwani, kisha akaenda kulima shamba la kijiji?"

Nilimwamini. Huku kwetu juu uwandani maji yako chini kabisa bondeni, na anayepanda mlima ule na ndoo iliyojaa hahesabiwi mgonjwa. Mimi mwenyewe nilikuwa napumzika mara tatu, yeye hapumziki.

Vidonge alivifunga kwenye pindo la kanga. Nyumbani alikuwapo ndugu yetu mmoja wa kike, mgeni aliyevuka Ruvuma kukimbia vita, na kichwa kilimuuma karibu kila siku. Mama akawa anampa. Jirani akiumwa kichwa, naye anapewa. Dawa kumnyima mwenye maumivu, ukabaki nayo wewe usiyeumwa popote, kwa mama ilikuwa roho mbaya. Siku moja mgeni wetu alipata kizunguzungu njiani kwenda majini, akakaa chini, ndoo ikamwagika. Tukasema ni njaa. Niliandika hivyo kwenye daftari langu: njaa.

Vilipokwisha nilimsindikiza kliniki. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Bwana mganga alikuwa mtu wa mbali, wa bara huko, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Majeruhi kutoka mpakani walikuwa wameletwa tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Akamfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza. Akarudia. Akarudia mkono wa pili.

"Iko palepale. Vidonge umekunywa?"

"Vimekwisha," mama akasema.

Alikuwa hajadanganya. Mganga akachukua kalamu. "Basi nikuongezee dozi."

Mimi ni mtu wa aibu. Hata darasani nikijua jibu nanyamaza. Lakini nilimfikiria mgeni wetu amekaa chini njiani, nikaona mama akinywa dozi kubwa siku atakayoamua, au kuwapa wengine hiyo hiyo.

"Hajanywa," nikasema. "Aliwapa wenye kuumwa kichwa. Mmoja, mgeni wetu, alipata kizunguzungu."

Mama alinitazama. Sijapata kutazamwa vile.

Mganga aliweka kalamu chini. Hakufoka, nafikiri alichoka mno. Alitoa mtotoni mwa meza mpira wa zamani wa kile chombo chake, akampa mama avute. Haukuvutika. Akampa mpya, ukavutika na kurudi.

"Mishipa inayotoa damu moyoni iko kama huu mpya. Moyo ukisukuma, inatanuka, inarudi. Sasa damu ikisukuma kwa nguvu mno usiku na mchana, miaka, ukuta wa mshipa unajikaza, unakuwa mnene na mgumu. Ndani unachubuka, mafuta yananata pale, njia inakuwa nyembamba. Moyo nao unazidi kutumia nguvu. Mwisho mshipa unaziba au unapasuka. Ukiwa kichwani, mtu anapooza upande. Figo na macho navyo vina mishipa midogo, vinaharibika taratibu."

"Mbona siumwi?"

"Mshipa haulii, mama. Ukuta wake ukisukumwa hivyo hausikii maumivu, na presha ilipanda polepole, mwili ukaizoea. Kichwa cha yule mgeni wako nadhani si presha. Dawa hii ilishusha presha yake iliyokuwa sawa, ndiyo maana akaanguka."

"Hakuanguka. Alikaa."

"Alikaa," mganga akakubali.

Mama akaurudisha mpira mezani. "Nikivinywa nitajisikiaje?"

"Vilevile. Pengine utakwenda haja ndogo mara nyingi mwanzoni."

"Na nitaacha lini?"

"Hutaacha kwa kuwa umejisikia vizuri. Uje nikupime."

"Dawa ya kunywa bila kuumwa, bila kupona." Mama alitikisa kichwa. "Kazi hiyo, baba."

Mganga akampa vidonge vilevile vya kwanza, bila kuongeza.

Njiani mama alitangulia mpaka tulipofika kwenye mikorosho ya kwanza ya kijiji.

"Umenivua nguo mbele ya yule bwana mganga."

"Nisamehe, mama."

"Nimechoka, mwanangu. Kumbe na ndani nachoka, sijui." Akasimama, akashusha pumzi. "Yule dada nitamwambia nini akiniomba?"

 Jioni mgeni wetu aliomba kweli. Nilikuwa natwanga, nikaacha mchi hewani.

"Hivi si vya kichwa," mama akamwambia. "Ni vya mishipa yangu. Ndivyo vilivyokukalisha njiani. Kesho twende kwa mganga wote wawili."

Mgeni wetu akasonya, akaenda kulala bila kula. Mama akabaki jikoni, kidonge kiganjani, akikitazama kama mtu aliyeiba. Kisha akakitia mdomoni, akaniomba maji.